Wakf ya babu na majaji wa London

"Babu aliandika nyumba ya Mombasa wakf ya watoto na wajukuu, mbona naskia korti ya Mwingereza ilikua haikubali?"

Kuna mdau kasema Waingereza waliwafuta makadhi, hapana bwana, makadhi walibaki na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wa pwani. Balaa ilikua rufaa, kesi ikipanda inaenda kwa jaji Mzungu, na yeye hafungui vitabu vya Kishafii anafungua kesi za India. Mwaka 1894 baraza la rufaa la London lilisema wakf ya familia ambayo maskini wanapata pale tu kizazi kikiisha, haisimami. Waislamu wa India walilalamika mpaka wakapata sheria ya kuirudisha 1913, ila haikufika kwetu, basi kesi ya wakf ya familia ya Bakhshuwen ya Mombasa ilivofika London mwanzoni mwa miaka ya 50 wakafata ile ile ya 1894, wakati masheikh wetu wanaikubali wakf hiyo siku zote! Wakf ikianguka nyumba inarudi kwenye mirathi, kila mtu na fungu lake. We tafuta hati ya babu, soma mwaka na mistari ya mwisho, maskini wametajwa wapi.