Jibu: mmHg kwenda kPa, majibu hayalingani

"Mistari miwili ina 760 mmHg, lakini mmoja unanipa kPa 98.8 na mwingine 101.1. Kosa liko wapi?"

Habari ndugu. Angalia kwanza namba ya kuzidishia. Kama mmHg ziko safu B na kPa safu C, kwenye safu tupu andika `=C2/B2` kisha buruta hadi chini. Kila mstari unatakiwa kutoa karibu 0.13332. Naona wako mmoja una 0.13 na mwingine 0.133; kila aliyejaza alikata desimali anavyojua.

Faili letu la maabara lilikuwa na hizo mbili, pamoja na 1.333. Hiyo ya mwisho niliiona papo hapo, maana jibu lilizidi mara kumi. Iliyotusumbua ni 0.13, kwa sababu 98.8 inafanana kabisa na kanieneo ya kawaida ya hewa, hakuna anayeshtuka.

Futa namba hizo, weka hii:

```
=CONVERT(B2,"mmHg","kPa")
```

Kwa 760 utapata karibu 101.325. Herufi kubwa na ndogo ziandike vilevile. Ukiandika "mmhg" utapata `#N/A`, na hilo ni zuri, kosa linajionyesha lenyewe.

Ila glukosi ya mg/dL kwenda mmol/L `CONVERT` haiwezi, kwani inategemea uzito wa molekuli. Hapo weka 18.016 kwenye seli moja yenye jina la glukosi, mfano F1, na ugawanye kwa `$F$1`: 126 itatoa 7.0. Kolesteroli ipe seli yake, kigawanyo chake ni 38.67.