Spika ya kushoto inaimba, ya kulia kimya: nilivyoihoji mpaka ikasema

Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja juu umeshika bomba, nikagundua kwamba taarifa ya habari naisikia kwa sikio moja tu. Kwenye spika zangu za masikioni zisizo na waya, ya kushoto inasema vizuri, ya kulia imekaa sikioni kama kizibo. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Kimya. Nilipofika kazini nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya: nikafuta jina la spika kwenye simu, nikaziunganisha upya. Kushoto ikaitika, kulia ikanyamaza vilevile. Nikarudia mara ya pili, kana kwamba simu haikunielewa mara ya kwanza.

Fundi mmoja nilimpitia jioni. Hakuzishika hata dakika moja. “Kaka, hiyo imekufa, chukua nyingine tu.” Nyingine zilikuwa zimening’inia nyuma yake ukutani. Nikamshukuru nikaondoka nazo mfukoni, maana kabla ya kusema kitu kimekufa ni vizuri kukigusa kwanza.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba spika hizi zisizo na waya ni vifaa viwili, kila kimoja na betri yake. Kwa aina nyingi za bei nafuu, simu huongea na spika moja, na hiyo ndiyo humpa mwenzake sauti. Kwa hiyo ya kulia inaweza kunyamaza kwa sababu haina chaji, au ina chaji lakini imepotezana na mwenzake, au imeungana vizuri ila sauti haitoki. Magonjwa matatu, na dawa ya moja haisaidii jingine. Ndiyo maana kufuta jina kwenye simu kulinigomea.

Kuyatofautisha ni kazi ya dakika moja. Toa spika zote mbili kwenye kasha lake kwa pamoja, uziangalie taa. Kisha weka ile bubu sikioni usikilize kama inatoa mlio au ile sauti ya kusema imewaka. Halafu cheza muziki na uiguse kama unavyogusa ukitaka kusimamisha wimbo. Isipowaka taa wala kutoa mlio, shaka ya kwanza iwe chaji. Ikiwaka na kutoa mlio wake lakini muziki hauingii, zimepotezana. Na ukiigusa wimbo ukasimama, basi imeungana kabisa. Tafuta tatizo kwenye sauti yenyewe.

Yangu haikuwaka. Nikaingiza tochi ya simu ndani ya kasha. Kila shimo lina vipini vidogo vya dhahabu vinavyobonyea, na spika nayo ina vidoa viwili vya chuma vinavyokaa juu yake. Vya kushoto vinang’aa. Vya kulia vilikuwa na utando wa kahawia, jasho lililochanganyika na vumbi likakauka. Chaji ilikuwa haipiti, mpaka betri ikaisha. (Kama spika zako ni mpya na ya kulia haijawahi kulia tangu uinunue, angalia pia kikaratasi cha plastiki kinachobandikwa juu ya vidoa hivyo dukani. Kinang’oka kwa kucha.)

Nilichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, nikakikamua kisidondoshe, nikasugua vidoa vya spika. Pamba ikatoka na rangi ya chai. Kwa vile vipini vya ndani nikatumia upande mkavu, nikavibonyeza kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha meno cha mti. Kimoja kilikuwa kimezama na hakirudi juu. Baada ya kubonyezwa mara tano sita kikaruka. Usitumie sindano wala pini ya chuma, utavigusisha vipini au uvipinde. Nikasubiri spiriti ikauke, nikairudisha spika, na taa nyekundu ikawaka. Betri iliyokauka kabisa inaweza kuchelewa kuamka, kwa hiyo niliacha saa mbili, kasha lenyewe likiwa kwenye chaja.

Nilipoitoa ikawaka, ikatoa sauti yake. Furaha ikaishia hapo, kwa sababu muziki bado ulitoka kushoto tu. Kwenye orodha ya Bluetooth jina lilelile sasa lilionekana mara mbili, moja limeunganishwa na jingine linasubiri. Mgonjwa alikuwa na homa mbili: ya kulia ilipokuwa imezimika muda wote ule, ya kushoto ilizoea kufanya kazi peke yake.

Hapa mpangilio ndio kila kitu. Kwanza nilifuta majina yote mawili kwenye simu kwa kubonyeza `Forget`, kisha nikazima Bluetooth ya simu kabisa. Hatua hii wengi wanairuka, na simu inawahi kuidaka spika moja kabla haijakutana na mwenzake. Halafu nikazitoa zote mbili kwenye kasha na kuzishikilia kwa vidole pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama sekunde kumi, mpaka taa zikawa zinapishana nyekundu na bluu. Nikaziweka mezani bega kwa bega bila kuzigusa. Baada ya muda mfupi moja ikaacha kuwaka na nyingine ikaendelea peke yake. Hiyo ndiyo dalili kwamba zimetambuana. Nikawasha Bluetooth, likaja jina moja tu, nikaliunganisha, na kulia ikaimba.

Muda wa kushikilia na rangi za taa hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo tafuta kile kikaratasi cha maelezo kabla hujakitupa. Kuna zenye kitufe kwenye kasha badala ya kugusa spika zenyewe.

Ugonjwa wa tatu nilikutana nao kwa shemeji yangu. Zake ziliwaka, zikatii zikiguswa, ila ya kulia haikutoa muziki hata kidogo. Tukaziunganisha kwenye simu yangu, zikalia pande zote. Basi kosa liko kwenye simu yake: mtoto alikuwa amechezea mipangilio na kuvuta mizani ya sauti yote kushoto. Kwenye iPhone iko `Settings > Accessibility > Audio & Visual`, kwenye mstari wa `Balance`. Kwenye Android nayo itafute ndani ya `Accessibility`. Rudisha kitufe katikati, basi.

Ingekuwa kimya kwenye simu zote mbili, ningeangalia wavu wa mdomo wa spika. Nta ya sikio huuziba, ingawa mara nyingi huanza kwa kufifisha sauti siku baada ya siku, haiikati ghafla. Vua mpira, geuza wavu uangalie chini, usugue kwa mswaki mkavu laini ili uchafu udondoke nje na usisukumwe ndani. Ukishasafisha na bado ni kimya, spika ya ndani imekatika au maji yameingia, na kwa zile za bei ndogo gharama ya kuifungua haina maana. Kununua ya kulia peke yake pia ni bahati nasibu, maana isipokuwa ya toleo lilelile inaweza isitambuane na ya zamani.

Yangu bado naitumia. Ya kulia inaisha chaji kama nusu saa kabla ya mwenzake, nadhani kule kukauka kuliiumiza betri, na kila Jumapili navifuta vile vidoa kwa pamba kabla sijalala.