Bei inapanda, mikataba iliyo wazi inapungua: maana yake nini?

Swali: Nafuatilia mkataba wa Desemba wa bidhaa moja katika soko la mikataba ya baadaye. Kwa siku tano bei imepanda kutoka 200 hadi 212, lakini mikataba iliyo wazi imeshuka kutoka 40,000 hadi 33,000. Je, niamini kupanda huku?

Jibu: Kwa takwimu hizo peke yake kupanda huko kunatia shaka, ila kuna jambo moja la kukagua kabla ya kukata shauri.

Mkataba ulio wazi ni ule ambao haujafungwa kwa muamala wa kinyume wala bidhaa yake kukabidhiwa, na kwa kuwa kila mmoja una mnunuzi na muuzaji, huhesabiwa mara moja tu. Mnunuzi mpya akikutana na muuzaji mpya, idadi huongezeka. Mnunuzi mpya akimrithi mnunuzi wa zamani anayejitoa, idadi hubaki vilevile. Lakini muuzaji wa zamani anaponunua ili ajitoe, na anayemuuzia ni mnunuzi wa zamani anayechukua faida yake, mkataba hufutika. Ukijumlisha miamala yote ya siku tano, waliofunga mikataba yao wamewazidi waliofungua mipya kwa 7,000.

Katika soko linalopanda, anayeharakisha kufunga kwa kawaida ni yule aliyeuza akitarajia bei ishuke, kisha akatakiwa kuongeza dhamana kila bei ilipopanda. Ununuzi wake unasukuma bei juu kwelikweli, lakini akishajitoa hana sababu ya kununua tena. Kama idadi ingefika 47,000 kwa bei ileile ya 212, ningesema wapo wanunuzi wapya wanaokubali bei ya juu zaidi, na wapo pia wauzaji wapya ambao, bei ikiendelea kupanda, nao watalazimika kununua. Bei inaposhuka hoja ni hiyohiyo kinyume chake: idadi ikiongezeka, wauzaji wapya wanaingia, ikipungua, wanunuzi wa zamani wanajiondoa.

Sasa lile la kukagua. Mkataba wa Desemba unapokaribia kuisha, wengi huufunga na kufungua wa mwezi unaofuata bila kubadili msimamo wao, kwa hiyo idadi ya Desemba hushuka hata kama hakuna aliyeondoka sokoni. Tuseme mkataba wa Machi ulikuwa na 12,000 na sasa una 18,700, na hakuna miezi mingine: jumla imetoka 52,000 hadi 51,700, na ile 7,000 iliyokutisha imehamia Machi karibu yote. Hapo takwimu haikanushi kupanda kwa bei, wala haikuungi mkono. Ila kama Machi imebaki kwenye 12,000, jumla imeshuka hadi 45,000, nami nisingenunua kwa 212.

Jumlisha basi miezi yote, ukitumia takwimu zilizothibitishwa ambazo soko hutoa baada ya siku ya biashara kufungwa, kwani zile za awali mara nyingi hurekebishwa.