Tangazo la mbuzi, na mtu asicheke

Swali la wiki: Ukipewa dakika moja ya televisheni utengeneze tangazo la kuchekesha la kitu cha kawaida cha nyumbani, ungetangaza kitu gani?

Ndugu Mhariri, kitu si hoja. Iwe ndoo, kandambili au kibiriti, chochote kilichopo nyumbani kinafaa. Kinachoharibu vichekesho hivi ni uso wa anayetangaza. Siku hizi mtu akitaka kuigiza tangazo zito la televisheni huvaa wigi, hutoa macho, hupiga kelele, na mwisho hujichekea mwenyewe. Hapo mchezo umekwisha, kwa sababu utamu wote ulikuwa kwenye jambo moja: kitu ni kidogo, na anayekisema anakiheshimu kama mahari ya binti wa mfalme. Akitabasamu tu, hata kwa pembe ya mdomo, ametuambia kwamba naye anajua ni utani. Mtazamaji aliyeambiwa kwamba huu ni utani hana tena cha kugundua mwenyewe.

Wanaobisha wakaitazame video ambayo kampuni ya samani ya IKEA ilitoa mwanzoni mwa Septemba 2014 kutangaza katalogi yake ya mwaka 2015. Ilitengenezwa Singapoo, na haifiki dakika tatu. Siku chache baadaye, tarehe 9 Septemba, Apple walikuwa wazindue iPhone 6, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa masikio wazi kwa lugha ile ya uzinduzi wa simu: ukuta mweupe, muziki mwepesi, bwana mwenye sauti ya upole anayeeleza kifaa kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni. IKEA wakaweka ukuta uleule mweupe, muziki uleule na bwana wa namna ileile. Halafu mezani wakaweka katalogi ya karatasi.

Sikilizeni anachokisema yule bwana. Anasema betri yake hudumu milele. Anasema haina waya hata mmoja. Anasema ina kurasa 328, zote zimeshawekwa tayari, na kila ukurasa hufunguka papo hapo hata ukipekua kwa kasi gani. Anasema unaigusa na unaihisi. Ukitaka kukumbuka mahali, unakunja ncha ya ukurasa. Hata ulinzi wake upo: mtu akiichukua, mwenyewe anamwambia kwa mdomo kwamba hiyo ni yake, na inarudishwa.

Yapitieni maneno hayo moja moja mtafute uongo. Hamuoni. Karatasi haina betri, kwa hiyo betri haiishi. Haina waya kwa sababu hakuna pa kuuchomeka. Maneno ni ya simu, ukweli ni wa karatasi, na bwana hacheki mwanzo mpaka mwisho. Kamera nayo inashiriki unyenyekevu huo: inapita pembeni mwa karatasi polepole, kwa karibu, kama inavyopita kwenye ukingo wa simu ya bei mbaya, na vidole vinafungua ukurasa kana kwamba vinaogopa kuuumiza. Hakuna mtu anayejikwaa, hakuna anayevaa wigi.

Waigaji wengi wanakosea hapo kwenye ukweli. Wanadhani kuchekesha ni kutia chumvi, basi wanatangaza ufagio unaoruka au sufuria inayopika yenyewe. Mtazamaji hucheka mara moja, halafu anatulia, kwa sababu ukishaanza kudanganya hakuna mpaka, na pasipo na mpaka hakuna cha kushangaza. Ukweli mtupu uliovikwa joho ndio unaomkamata mtu, maana anaangalia kitu alichokizoea na kusema moyoni, kumbe ni kweli, hakijawahi kuniishia chaji.

Na sasa nikiirudia video ile kwa kuandika, naona neno langu la kwanza halisimami sawasawa. Nimesema kitu si hoja. Lakini mbona kila sifa ya ile katalogi inajibu maudhi fulani ya simu? Betri, waya, mtandao mzito, nywila. Wangeweka kijiko mahali pa katalogi, nusu ya maneno yale yangekufa, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombana na kijiko kuhusu kasi ya kufungua ukurasa. Kitu kilichaguliwa kwa macho mawili: chenyewe kiwe duni na kinyonge, na mkabala wake kiwepo kikubwa chenye majivuno kinachotusumbua kila siku. Basi ngojeni nijibu vizuri.

Ningetangaza mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi.

Mkabala wake ni blenda, na maudhi ya blenda kila mtu anayajua: umeme ukikatika au luku ikiisha, nazi imekaa na wali unasubiri. Mbuzi haina habari na luku. Ni mbao mbili zilizopishana mfano wa marufaa ya kusomea msahafu, na chuma chenye meno kimetokeza mbele. Unaikalia, unashika nazi iliyopasuliwa, unaizungusha kwenye meno, machicha yanaangukia kwenye sinia. Kazi ikiisha unaikunja na kuiegemeza ukutani. Sifa zote hizo zinaweza kusemwa kwa sauti ya uzinduzi bila kuongeza neno la uongo.

Tena lugha yetu imetupa zawadi ambayo IKEA hawakuwa nayo. Jina ni moja na la mnyama, ila upatanisho unatofautiana. Tunasema mbuzi huyu anakula, na mbuzi hii ya kukunia inakuna. Kwa hiyo siri ya tangazo inakaa kwenye silabi moja. Mtangazaji akisema "haina zizi", siri imevuja. Akisema "hana zizi", amedanganya. Njia ni kutumia "hu-" ya mazoea, ambayo haibagui ngeli, na kukanusha kwa "bila". Mtazamaji atabaki na mnyama kichwani mpaka tutakapotaka sisi. Andiko lenyewe ningeliandika hivi:

"Mbuzi. (Kimya.) Huishi bila majani. Hulala bila zizi. Huamka bila umeme. Hubeba bibi, mama na mjukuu, kila mmoja kwa zamu yake. Na kazi ikiisha, hukunja miguu. (Kimya.) Mbuzi hii. Ya kukunia nazi. Nazi huuzwa kando. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Maneno hayajafika hamsini, na yasizidi sabini kwa dakika moja. Sauti nzito ya matangazo huenda taratibu, na kimya ndicho kinacholeta uzito. Kile cha kwanza kipewe sekunde mbili kamili. Mhariri wa video atatamani kukifupisha, akatazwe. Sentensi ya mwisho tu ndiyo isomwe mbiombio bila kupumua, kama tunavyoisikia kwenye matangazo ya redio.

Kuna sentensi moja inayovutia sana ambayo ningeikata: "Ina meno, lakini haiumi." Inapendeza sikioni, ila yeyote aliyewahi kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki chembamba anajua mbuzi inauma, tena kwenye vifundo vya vidole. Sentensi hiyo moja ya uongo ingeharibu zote zilizotangulia. Anayependa meno aseme "hutunza meno yake bila mswaki", ambayo ni kweli, japo kwa mbuzi yenye kutu sishauri.

Picha haihitaji studio. Chumba chenye dirisha moja kinatosha. Mbuzi ikae ubavuni mwa dirisha, jua liingie kwa upande na kwa nyuma kidogo, ili meno yang'ae na machicha yanapoanguka yawake kama theluji. Nyuma tundika kitambaa cheusi kisichong'aa, mahameli ikipatikana, umbali wa mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye mbuzi. Kikisogea karibu, mwanga unakipata na mikunjo yake inaonekana, na hapo ni chumba cha mtu chenye shuka jeusi. Kosa jingine ni la simu yenyewe: ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na cheusi kinageuka kijivu. Gusa na ushikilie skrini juu ya chuma mpaka mwanga ujifunge, halafu ushushe kidogo kabla ya kurekodi.

Machicha yaanguke polepole. Rekodi fremu 120 kwa sekunde na ucheze kwa 30, utapata mwendo wa robo. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa kuwa wanawasha taa ya ukutani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hufifia na kuwaka mara mia kwa sekunde. Jicho halioni, ila picha ya polepole inapwita kama mshumaa kwenye upepo. Ukiona mapigo hayo, zima taa zote, rudi kwenye jua.

Sauti ya nazi ikikwaruza kwenye meno irekodiwe peke yake, maiki ikiwa karibu, feni zimezimwa, kisha iwekwe gizani kabla picha haijatokea. Anayesoma asimame kiganja kimoja kutoka kwenye maiki, nyuma yake pametundikwa blanketi zito ili chumba kisirudishe mwangwi. Asiteremshwe sauti kwa mashine. Sauti iliyoteremshwa huharibika kwenye "s" na "z", na jina la bidhaa yetu lina "z" katikati. Achaguliwe mtu mwenye sauti nzito ya kuzaliwa, asiyeona aibu kulitamka neno "zizi" kama anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Na yule bibi anayekuna mbele ya kamera asiambiwe kwamba ni kichekesho, aambiwe akune nazi. Mwigizaji aliyeambiwa ataanza kuigiza, atazungusha mkono kwa madaha, na kila mtu wa pwani atajua huyu hajakuna nazi mwaka wa tano. Ila baada ya kurekodi aonyeshwe yote na kuombwa idhini kabla haijarushwa. Bila hilo si haki, hata tangazo lingekuwa zuri vipi.

Tahadhari yangu ni moja na ni kubwa. Hili ni tangazo la Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, na la Dar es Salaam kwenye nyumba ambazo tui la paketi halijaingia. Ukilipeleka kwa mtu asiyepikia nazi, "mbuzi hii" kwake itakuwa kosa la sarufi tu, na atasubiri mnyama mpaka mwisho. Kwake yeye tafuta kingine: jiwe la kusagia, kibatari, chochote anachokijua kwa mikono. Kwa hiyo kitu ni hoja, Mhariri, nakubali, lakini kinategemea mikono ya anayetazama. Kwangu ni mbuzi, mradi asiyepungua miaka arobaini asome, na asicheke.