Oda ya Sabuni 2,000 Iliyoninyima Usingizi

Juzi msomaji kaniandikia: “Dada, nimepata oda ya sabuni 3,000, mwili unatetemeka.” Nikacheka, kisha nikakumbuka machozi yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, natengeneza sabuni za mafuta ya nazi. Nilizoea kuuza 40 au 50 kwa wiki. Siku moja hoteli ikataka vipande 2,000 vya gramu 100, kwa siku 35. Nikasema ndiyo kabla sijapiga hesabu. Usiku ndipo nikaipiga. Mkorogo wangu mmoja (si ule wa kuchubulia ngozi!) ni kilo 5 za mafuta, kostiki gramu 870 na maji mara mbili ya kostiki. Nakata vipande vya gramu 110, maana sabuni ikikauka hupungua. Natoa 65. Kwa hiyo nilihitaji mikorogo 31, na kwa siku naweza mitatu tu. Siku 11 za kukoroga, 28 za kukausha. Jumla 39. Nililala macho wazi.

Asubuhi nikajifanya mjanja: nikakoroga kilo 20 kwa mpigo, nikamimina kwenye boksi moja kubwa. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Mafuta na kostiki vikikutana hutoa joto, na donge kubwa halipoi haraka. Mafuta ya nazi ndiyo balaa zaidi. Katikati ikavimba kama andazi, ikapasuka, mafuta yakatoka juu. Nilipokuja kuikata ilikuwa ngumu, inamomonyoka. Nikagusa kwa ncha ya ulimi, ikanichoma: kuna mahali kostiki ilibaki. Dumu zima la mafuta likaenda hivyo. Shoga yangu mmoja akaniambia, “Si uliitaka mwenyewe?” Sijamsahau.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Usiukuze mkorogo, ongeza idadi ya mikorogo. Kipimo unachokijua ndicho unachokiweza, na sabuni ya nazi tupu uikate siku hiyohiyo, ikishika tu, kabla haijawa jiwe. Narudia, usiukuze mkorogo!

Halafu zungumza na mteja. Mimi niliogopa siku nne nzima, nikidhani ataniona mbabaishaji. Nilipompigia nikamwambia ukweli: vipande 1,000 siku ya 35, 1,000 vingine wiki mbili baadaye, na nusu ya malipo mbele, kwa sababu kilo 155 za mafuta ni madumu tisa na mimi nilikuwa na mawili. Akajibu, “Mbona hukusema mapema? Wageni wenyewe hawaji wote siku moja.” Siku zangu tayari zilikuwa zimepungua, nikaazima mikono ya wifi yangu, tukapiga mikorogo minne kwa siku.

Bodaboda alipokuja kuchukua boksi la mwisho, wifi alikuwa bado anafulia yale mabonge yaliyopasuka, tena kwa glavu.