Babu, kipande na kurasa kumi: maswali yenu ya feloshipu za skripti

Shikamoo dada. Naomba feloshipu ya uandishi wa skripti, wanataka maneno 500 kuhusu hadithi ninazotaka kusimulia. Nimeanza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya filamu, nataka kusimulia hadithi za Kiafrika zitakazobadilisha jamii." Iko poa? Kijana wa Ngamiani, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Haiko poa. Kiswahili chake hakina shida, ila hiyo sentensi nikifuta jina lako nikaweka la mtu wa Mbeya bado inasimama vilevile, na anayesoma ana rundo mezani, zimeanza hivyohivyo karibu zote. Anachotafuta ni kitu kimoja, huyu mtu kuna jambo gani haliishi kumkera kichwani na kwa nini liko kwake.

Sasa wewe jambo lako unalo, umelificha tu kwenye imeili yako ya pili, ile ndefu uliyoomba radhi eti unaongea sana. Umesema babu yako alitoka Kasulu akaja huku kama manamba kukata mkonge upande wa Muheza, na bibi mpaka leo anatunza kipande chake kwenye kopo la biskuti. Kwa wasiojua, kipande ilikuwa kadi ya kibarua enzi za mkoloni, ina nafasi za siku 30, kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama, na mpaka zitimie 30 ndo unalipwa mshahara wako. Cha babu kina alama 26. Hizo nne bibi anasema malaria, ami anasema alikuwa ndani, shangazi anasema kulikuwa na mwanamke Korogwe. We kaka unakaa na kitu kama hicho halafu unaniandikia shauku!

Anzia hapo: "Kipande cha babu yangu kina siku 26. Nne zilizobaki kila mtu nyumbani ana hadithi yake." Basi, msomaji keshakaa kitako.

Ila usiishie hapo maana hawakuuliza habari za babu, wameuliza hadithi unazotaka kusimulia, kwa wingi. Nimeangalia na yale mawazo yako mengine mawili uliyoyataja juujuu, yule karani anayechezea hati ya kiwanja na yule binti mwenye cheti cha kuzaliwa cha marehemu dada yake. Umeona? Zote tatu ni mule mule, karatasi inasema hivi, watu wanasema vile, na kuna mtu anaumia hapo katikati. Huo ndo uzi wako na pengine mwenyewe hukuwa unaujua. Uandike kwa sentensi mbili tatu za kawaida, usiupambe.

Kwa maneno 500 mimi ningempa babu na kipande kama 150, uzi na yale mawazo mawili 120, skripti yenyewe imefika wapi 130, yaliyobaki useme umekwama wapi. Hapo kwenye kukwama wengi wanaogopa wanadhani wataonekana hawajui. Lakini feloshipu kazi yake ni kukukalisha na watu wakusaidie kuandika upya, sasa ukisema kila kitu kiko sawa wakusaidie nini? Wewe umeniambia hujui babu aonekane kwenye filamu au asikike tu midomoni mwa watu. Hilo ni swali la mwandishi, liandike kama lilivyo.

Na lile aya la shida, kulala njaa, viatu kuchanika, toa. Kama halimo kwenye hadithi unazosimulia linabaki kuwa la kuombea huruma tu.

Wameomba kurasa 10 za sampuli. Skripti yangu ina 96. Nitume mwanzo au ile sehemu tamu ya kwenye ukurasa wa 60? Huyuhuyu wa Ngamiani

Soma masharti yao kwanza, wengine wanasema kabisa kurasa za mwanzo. Wakinyamaza, tuma za mwanzo. Ukurasa mmoja ukiandikwa kwa Courier 12 kwa mpangilio wake unakadiriwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo unawapa dakika kumi na wanataka kuona unafunguaje mlango. Ya ukurasa wa 60 ni tamu kwako kwa sababu 59 zilizotangulia unazijua, wao hawazijui. Ukilazimika kutuma ya katikati weka juu sentensi mbili za nani ni nani, halafu kurasa zifuatane, usikate vipande vipande vya matukio makali.

Lakini kuna kubwa zaidi. Umeandika "Bibi anakishika kipande akikumbuka maumivu yote ya ujana wake." Kamera haipigi picha kukumbuka. Nimejaribu hivi:

```
NDANI. CHUMBA CHA BIBI - USIKU

Bibi anafungua kopo la biskuti. Anatoa
kipande, anahesabu alama kwa kidole.
Anafika penye nafasi tupu. Kidole
kinasimama.

              MJUKUU
      Na hizi nne?

              BIBI
      Funga dirisha, mbu wanaingia.
```

Hajasema kitu na ushajua anaficha. Pitia kurasa zote kumi, kila penye "anakumbuka", "anahisi", "anagundua" jiulize mtu aliyekaa ukumbini ataona nini. Ukikosa jibu, huo mstari ni wa riwaya.

Dada mimi nimekataliwa mara mbili na hawasemi kosa. Maelezo yangu kila aliyesoma kayasifu, skripti nayo nzuri. Mdau wa Raskazone

Nimesoma vyote viwili, na kweli kila kimoja kikiwa peke yake ni kizuri. Tatizo havijuani. Kwenye maelezo unasema unataka kusimulia wanawake wa soko la samaki pale Deep Sea, wanavyokopeshana, wanavyogombania mzigo boti ikifika, nimesoma mpaka nimesikia harufu. Nafungua sampuli nakuta majambazi wanafukuzana na magari Dar, mwanamke yumo mmoja na kafa ukurasa wa tatu. Msomaji atamwamini yupi?

Nakucheka lakini na mimi nilishafanya hayo, niliandika maelezo mazito ya ukimya ndani ya familia halafu nikaambatanisha komedi ya harusi kwa vile ndo ilikuwa imekamilika, dedilaini ni saa sita usiku na umeme unakatika katika. Sikupata, na sikustahili. Kama huna muda wa kuandika sampuli mpya, badili maelezo yaifuate skripti uliyonayo, ni rahisi zaidi kuliko kinyume chake. Ila wewe ningekushauri uandike hizo kurasa kumi za Deep Sea, maana unaongea kama mtu aliyekaa pale.

Tumeandika wawili. Naweza kutuma kama yangu? Wa Pangani

Hapana. Muulize mwenzio, halafu angalia kama wanapokea timu. Kama hawapokei tuma uliyoandika peke yako hata kama ni fupi.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Wa Ngamiani tena, samahani

Wanachotaka wao. Wakitaka Kiingereza usitafsiri neno kwa neno, hasa mazungumzo, jibu la bibi la mbu likitafsiriwa na maelezo yake litakufa. Maneno kama kipande yaache hivyohivyo na uyaonyeshe kwa kitendo. Angalia hasa "korona", sisi huku tunajua ni mashine ya kusaga majani ya mkonge, msomaji wa mbali atadhani babu yako aliugua. Onyesha majani mabichi yanaingia upande mmoja na nyuzi zinatoka upande wa pili, kelele mpaka watu wanaongea kwa mikono, na hutahitaji kueleza zaidi.