Seva mpya, ukurasa wa zamani: tazama DNS kwanza

> Jana nimehamishia tovuti yangu seva mpya. Rafiki yangu anaona ukurasa mpya, mimi bado naona wa zamani. Nikishaandika anwani, ni wapi panapokwama?

Mara nyingi ni mwanzoni kabisa, kabla kivinjari hakijaigusa seva yoyote ya tovuti. Ukiandika www.example.com, jina hilo lazima kwanza lipatiwe anwani ya IP, na kazi hiyo ni ya DNS.

Kivinjari hutazama kumbukumbu yake, kisha huuliza mfumo endeshi. Wote wasipokuwa na jibu, swali huenda kwa seva ya DNS, kwa kawaida ya mtoa huduma wako wa intaneti. Hiyo huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo haziijui tovuti yako ila zinajua nani anasimamia .com. Wa .com huielekeza kwa seva zinazosimamia example.com, na hapo ndipo jibu lilipo.

Jibu huja na muda wa kuishi, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Ukiwa 86400, seva ya DNS inaweza kulitunza saa 24 bila kuuliza tena. Seva anayotumia rafiki yako huenda haikuwa na jibu la zamani. Yako inalo bado. Jipimie:

```
dig www.example.com
```

Tuseme unapata hivi:

```
www.example.com. 51200 IN A 192.0.2.10
```

Hiyo IP ni ya seva ya zamani, na zimebaki sekunde 51200, yaani saa 14 na dakika 13 hivi. Rudia amri baada ya sekunde kumi. Namba ikipungua, jibu linatoka kwenye akiba. Sasa uliza chanzo chenyewe, ukiweka jina la seva ya DNS ya tovuti yako:

```
dig @ns1.example.net www.example.com
```

Ikirudi IP mpya, subiri tu. Kufuta akiba ya kompyuta yako hakufuti ile ya mtoa huduma. Ikirudi ya zamani, kusubiri hakutasaidia: rekodi haijabadilishwa, au imebadilishwa kwenye paneli ambayo jina lako halielekezwi huko. Kosa hili la pili huwapata wengi.

IP ikishapatikana, kivinjari hufungua muunganisho kwenye poti 443, hukagua cheti cha seva, huomba ukurasa, kisha hupokea HTML na kufuata picha na mitindo iliyotajwa humo. Kwa hiyo kama dig inaonyesha IP mpya na ukurasa bado ni wa zamani, bonyeza Ctrl+Shift+R ili kivinjari kivute mafaili upya. Ukiona ERR_CONNECTION_REFUSED, usihangaike na DNS: IP imepatikana, ila muunganisho umekataliwa, mara nyingi kwa sababu hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo.

Ukihama tena, shusha TTL hadi 300 siku moja kabla, maana ile 86400 lazima iishe kwanza kwa walioitunza. Seva ya zamani usiizime hadi muda huo upite.